Nukta Zinazoangukia Baharini

Tanzania ina orodha moja ya vituo vya maji inayomfaa sana mtu anayeanza kujifunza kuchora ramani kwa kompyuta. Ilikusanywa kutoka vijijini, sehemu kubwa kati ya mwaka 2011 na 2013. Kila kisima, kila pampu ya mkono na kila bomba la jumuiya lilipewa mstari wake: jina, mkoa, wilaya, kata, aina ya pampu, kama linatoa maji au limekufa, na mwishoni namba mbili za mahali lilipo. Baadaye sehemu ya orodha hiyo ilitolewa kwa umma ili watu washindane kubashiri ni pampu zipi zitaharibika. Faili kuu ya mashindano hayo ina mistari 59,400.

Ukiipitisha orodha hiyo kwenye QGIS, programu ya ramani inayopatikana bure ambayo Gary Sherman alianza kuiandika mwaka 2002, nchi inajichora yenyewe kwa nukta. Utaona vijiji vilivyoukumbatia mlima Kilimanjaro, ukanda wa Mbeya na Iringa, na uwazi mkubwa katikati ambako watu ni wachache au wapimaji hawakufika. Kisha ukirudi nyuma ili uione dunia nzima, utakuta nukta moja peke yake, mbali kabisa, katika Ghuba ya Gine. Nukta hiyo ni vituo 1,812 vya maji vya Tanzania vilivyorundikana mahali pamoja, juu ya Atlantiki.

Programu haikutoa onyo lolote. Iliambiwa namba, ikaweka nukta. Kupachika nukta ni kazi ya dakika chache, na nitaieleza. Ninachokijali zaidi ni kinachofuata: kuitazama ramani na kutambua, kwa mahali nukta ilipoangukia, ni kosa gani lililoko kwenye jedwali. Kosa la aina fulani humpeleka kisima mahali fulani, na mahali hapo panatabirika.

Tuchukue jedwali dogo la kujifunzia. Sehemu zake ni za kweli, zote ziko kuzunguka jiji la Dodoma, lakini visima vyenyewe nimevibuni kwa ajili ya somo hili.

```
jina,aina,latitude,longitude
"Hombolo, bwawani",pampu ya mkono,-5.94812,35.96347
Makutupora,kisima kirefu,-5.97764,35.76915
Mvumi,pampu ya mkono,-6.34518,35.85206
Bahi,bomba la jumuiya,-5.95377,35.31642
```

Hivi ndivyo faili ya CSV inavyoonekana ikivuliwa mapambo ya Excel: maandishi matupu, na mkato unatenganisha safuwima moja na nyingine. Jina la Hombolo limewekwa katika alama za nukuu kwa sababu lina mkato ndani yake. Bila nukuu hizo, neno "bwawani" lingesukumwa kwenye safuwima ya aina, na kila kitu katika mstari huo kingesogea hatua moja kulia. Latitudo inaanza na alama ya kutoa kwa sababu Dodoma iko kusini mwa ikweta. Longitudo haina alama hiyo kwa sababu iko mashariki mwa mstari wa Greenwich.

Kabla ya kuhifadhi jedwali kama CSV, kuna jambo moja la kukagua ndani ya Excel. Excel inapoandika CSV huandika kile kinachoonekana kwenye kisanduku, si namba kamili iliyofichwa nyuma yake. Kama safuwima ya latitudo imepangwa kuonyesha tarakimu mbili tu baada ya nukta, basi -5.94812 itaandikwa -5.95, na tarakimu zilizobaki zitakuwa zimepotea katika faili hiyo. Digrii moja ya latitudo ni kama kilomita 111. Kwa hiyo tarakimu ya pili baada ya nukta inahesabu zaidi ya kilomita moja, ya nne inahesabu mita 11 hivi, na ya tano karibu mita moja. Pampu ya mkono iliyokosewa kwa nusu kilomita fundi hataiona hata akisimama palepale ramani ilipomwelekeza. Chagua safuwima zote mbili, ongeza tarakimu hadi zionekane tano au sita, ndipo uhifadhi, na uchague CSV ya UTF-8 ili majina yasiharibike.

Sasa fungua QGIS. Kwanza weka ramani ya chini, ili nukta ziwe na ardhi ya kukalia. Katika paneli ya kushoto iitwayo Browser kuna XYZ Tiles, na ndani yake OpenStreetMap; ibofye mara mbili na dunia itatokea, mradi uwe na intaneti. Kisha nenda kwenye menyu ya Layer, chagua Add Layer, halafu Add Delimited Text Layer. Dirisha litakalofunguka lina mambo mengi, lakini yanayoamua ni machache.

Juu kabisa unaonyesha faili ilipo. Chini yake unaeleza kinachotenganisha safuwima. Kwa kawaida CSV inatosha, ila kompyuta iliyopangwa kwa desturi za nchi fulani za Ulaya huandika nukta-mkato mahali pa mkato, na pengine huandika 5,94812 badala ya 5.94812. Hapo unachagua Custom delimiters, unaweka alama ya Semicolon, na kama namba zina mkato unawasha Decimal separator is comma. Huhitaji kubahatisha, kwa kuwa sehemu ya Sample Data chini ya dirisha inakuonyesha mistari ya mwanzo jinsi QGIS inavyoisoma. Ukiona kila kitu kimebanana katika safuwima moja, kitenganishi si hicho.

Halafu inakuja sehemu ya Geometry Definition. Chagua Point coordinates. Pana visanduku viwili, X field na Y field, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Kwa mdomo tunasema "latitudo na longitudo", kwa mpangilio huo, na simu na vifaa vingi vya GPS vinaandika hivyohivyo. Lakini X ni mwendo wa kulia na kushoto, yaani mashariki na magharibi, na mwendo huo unapimwa kwa longitudo. Y ni mwendo wa juu na chini, yaani kaskazini na kusini, na huo ni latitudo. Kwa hiyo X inachukua longitude na Y inachukua latitude, kinyume cha ulimi ulivyozoea. Safuwima zikiitwa kwa Kiingereza, QGIS mara nyingi huzitambua na kujijazia. Zikiwa na majina kama "kusini" na "mashariki", ujaze mwenyewe.

Kisanduku cha mwisho ni Geometry CRS, yaani mfumo wa koordineti. Kwa namba zilizotoka kwenye simu au GPS ya kawaida chagua EPSG:4326 - WGS 84. Kisanduku hiki kinauliza namba zako ni za aina gani. Hakikuulizi unataka ramani ionekane vipi. Namba zikiwa za digrii, jibu linabaki digrii hata kama ramani unayotaka kuichapisha itakuwa ya mita. Bofya Add, funga dirisha, kisha bofya kwa kitufe cha kulia jina la tabaka jipya na uchague Zoom to Layer. Nukta nne zitatokea kuzunguka Dodoma: moja karibu na bwawa la Hombolo, moja kaskazini mwa jiji, moja kusini-mashariki, na moja magharibi kwa Bahi.

Hayo ni kama kila kitu kimekaa sawa. Sasa tuvuruge jedwali tuone nukta zinakwenda wapi.

Badilisha X na Y, latitudo ikae mahali pa longitudo. Hombolo itakuwa kwenye 35.96 kaskazini na 5.95 magharibi, na hapo ni baharini, kwenye mdomo wa magharibi wa mlango wa bahari wa Jibralta, kati ya Hispania na Moroko. Si bahati mbaya ya Hombolo peke yake. Tanzania Bara iko takribani kati ya latitudo 1 na 12 kusini, na longitudo 29 na 41 mashariki. Ikigeuzwa, nchi nzima inatua kwenye Moroko, Ureno, Hispania, kipande cha Aljeria, na maji yaliyo katikati yao. Dar es Salaam inakuwa magharibi mwa Hispania karibu na mpaka wa Ureno, na Arusha inaangukia nje kidogo ya pwani ya kusini ya Hispania. Kwa hiyo ukiona visima vyako vimejaa Jibralta, huhitaji kutafuta sana: X na Y zimepishana. Zikiwa zimepishana zote, kosa ni la dirisha, nawe unapakia upya. Zikienda chache tu, kosa liko kwenye jedwali, kwa mpimaji mmoja aliyeandika namba zake kwa mpangilio tofauti na wenzake.

Kosa la pili ni kusahau alama ya kutoa. Karani anaandika 5.94812 kwa sababu karatasi ya mpimaji ilisema "5.94812 S" na yeye akaiacha ile S. Kisima kinaruka ikweta na kutua umbali uleule upande wa pili. Vya Dodoma vinaangukia kusini-magharibi mwa Ethiopia, pande za mto Omo. Kwa Tanzania kosa hili linajitangaza, maana nchi yote iko kusini mwa ikweta na kisima kilichoruka kinatoka nje ya mipaka. Kenya hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa ikweta inapita katikati ya nchi. Kisima cha Nairobi, kwenye 1.29 kusini na 36.82 mashariki, kikikosa alama ya kutoa kinatua Kaunti ya Samburu, kilomita 25 hivi kutoka Maralal. Kimebaki Kenya, kimebaki nchi kavu, tena mahali ambapo kisima kinahitajika kweli. Hakuna jicho litakalokishtukia kwa ramani pekee. Huyo anakamatwa kwa njia nyingine, nitakayoifikia.

Turudi kwenye zile nukta 1,812 za Ghuba ya Gine. Mahali hapo ndipo ikweta inapokatana na mstari wa Greenwich, latitudo sifuri na longitudo sifuri. Wachora ramani wamepapa jina la Null Island, kisiwa kisichokuwepo. Kilichowahi kuwekwa hapo ni boya la kupimia hali ya hewa liitwalo Soul. Data hufika huko pale mtu au programu inapokosa namba na kujaza sifuri badala ya kuacha nafasi wazi. Nafasi ikiachwa wazi, QGIS haichori nukta, na mstari unajulikana kuwa hauna mahali. Sifuri, kwa programu, ni mahali halisi kama Bahi au Mvumi.

Katika orodha hii ya maji kuna mtego wa ziada. Longitudo ya vituo hivyo ni sifuri kamili, lakini latitudo yake imeandikwa -2e-08, yaani sifuri pungufu kwa sehemu mbili za milioni mia. Kwa umbali hiyo ni kama milimita mbili. Lakini anayechuja safuwima ya latitudo akitafuta sifuri hapati hata moja, na anaweza kuamini kuwa orodha yake ni safi. Chujio lenye maana ni lile linalouliza kama kituo kiko ndani ya Tanzania. Bofya tabaka kwa kitufe cha kulia, chagua Filter, na uandike hivi:

```
"longitude" > 29 AND "longitude" < 41
AND "latitude" > -12 AND "latitude" < -0.9
```

Vinavyobaki ni vile vilivyo ndani ya kisanduku hicho. Vilivyotolewa vipewe faili yao na virudishwe kwa waliopima. Ningeomba mtu asivifute. Kila kimoja ni kituo ambacho watu wanachota maji au walichotea zamani. Kilichokosekana ni namba zake tu, na jina la kata na kijiji bado limo kwenye mstari.

Nukta zote zikikusanyika huko Gine, si chache, usilaumu jedwali. Hapo mara nyingi umeuambia mfumo wa EPSG:3857, ambao ni wa mita, usome namba za digrii. Programu inaelewa kuwa Hombolo iko mita 36 mashariki na mita 6 kusini ya kitovu, na Bahi iko mita 35 mashariki na mita 6 kusini, na kwa ukubwa wa dunia hizo zote ni nukta moja. Tiba yake ni kubofya tabaka, kuchagua Set Layer CRS na kurudisha EPSG:4326. Amri hiyo haibadilishi namba hata moja, inabadilisha jinsi zinavyosomwa tu.

Makosa yaliyobaki ni ya umbali mdogo, nayo ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi, maana ramani inapendeza machoni huku ikidanganya.

La kwanza ni la dakika na sekunde. Mpimaji anasoma digrii 5, dakika 56 na sekunde 53, kisha anaandika 5.5653. Anayepokea anaamini ni desimali. Lakini digrii ina dakika 60, si 100, na hesabu sahihi ni kugawa dakika kwa 60 na sekunde kwa 3600, kisha kujumlisha. Kama digrii, dakika na sekunde ziko kwenye safuwima A, B na C, kusini mwa ikweta unaandika hivi katika Excel:

```
=-(A2+B2/60+C2/3600)
```

Jibu ni karibu -5.9481. Ile 5.5653, hata ikiongezewa alama ya kutoa, imekipeleka kisima zaidi ya kilomita 40 kaskazini, lakini bado kiko Tanzania, katika nyika inayofanana na ile iliyokiacha. Kuna namna nzuri ya kulinusa kosa hili katika orodha ndefu iliyotapakaa mkoa mzima. Tazama tarakimu mbili za kwanza baada ya nukta. Katika desimali za kweli utakutana na kila kitu kuanzia 00 hadi 99. Ikiwa katika mamia ya mistari hakuna hata mmoja wenye 60 na kuendelea, hizo ni dakika zilizovaa nguo za desimali. Kwa orodha ya kijiji kimoja kipimo hiki hakisemi kitu, kwa sababu tarakimu hizo hazibadiliki sana ndani ya eneo dogo. Na kama namba zimeandikwa wazi kwa alama zake za digrii, dakika na sekunde, huna haja ya kukokotoa. Dirisha lile la kupakia lina kisanduku cha DMS coordinates.

La pili linatoka kwenye ramani za zamani. Ramani za karatasi za Tanzania na Kenya za kipimo cha 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, uliopima umbo la dunia kwa namna tofauti na WGS 84 inayotumiwa na GPS. Mtu akisoma latitudo na longitudo kwenye ramani hiyo, au akitumia GPS iliyopangwa kwa Arc 1960, kisha akapakia kama EPSG:4326, nukta zake zitakaa mita 300 hivi kaskazini mwa mahali pao, na kidogo magharibi. Dalili yake ni kwamba zote zimehama kwa umbali uleule na upande uleule. Sogeza ramani hadi uone majengo, tafuta vituo viwili au vitatu unavyovijua, vya shule au zahanati, na upime kwa Measure Line. Pengo likiwa moja kwa vyote, pakia upya na uchague EPSG:4210, ambayo ndiyo Arc 1960 ya digrii, na QGIS itavisogeza yenyewe. Pengo likiwa huku mita 50 na kule mita 400, tatizo ni upimaji.

Sasa yule wa Samburu, na wenzake waliojificha ndani ya nchi. Ramani ya chini haiwezi kuwafichua, lakini jedwali linaweza, kwa sababu kila mstari umetaja wilaya na kata yake kwa maandishi. Pakia tabaka la mipaka ya wilaya, kisha katika Processing Toolbox tafuta Join attributes by location. Weka nukta kama tabaka la kwanza na mipaka kama la pili, na kila kisima kitapewa jina la wilaya kilikoangukia. Hapo una safuwima mbili za kulinganisha: wilaya aliyoiandika mpimaji na wilaya ambayo namba zinaisema. Mstari unaosema Kondoa ilhali nukta iko Mpwapwa una kosa kwenye jina au kwenye namba. Uwe mwangalifu na wilaya zilizogawanywa baada ya vipimo kuchukuliwa, na tahajia mbili za jina moja, maana zote zitaonekana kama makosa kumbe si makosa.

Masahihisho yote yaandike kwenye jedwali lenyewe. Tabaka lililotoka kwenye CSV haliruhusu kuhaririwa ndani ya QGIS, kwa kuwa linasoma tu faili iliyoko nje. Ukishamaliza, bofya tabaka, chagua Export, kisha Save Features As, na uhifadhi kama GeoPackage. Faili hiyo moja inabeba nukta, majina na mfumo wa koordineti pamoja, hivyo atakayeipokea hataulizwa tena X ni ipi na Y ni ipi.

Kuna aina moja ya kosa inayopita katika vichujio hivi vyote. Vituo sita vya kata moja vinakuwa na namba zilezile hadi tarakimu ya mwisho, kwa sababu mpimaji aliwasha GPS mara moja, pengine katika ofisi ya kata, na kuinakili kwa vyote. Nukta ziko katika wilaya sahihi na kata sahihi, zimelaliana, zinaonekana moja. Zibofye kwa Identify Features na orodha ya sita itafunguka pembeni. Kwa hizo hakuna fomula. Inabidi mtu apande pikipiki na kwenda kwenye kila kisima akiwa na simu mkononi, asimame kando ya pampu, na asubiri hadi kipimo kitulie.